Posho ilizidishwa miezi minne, tumekubaliana kukata kidogo kidogo asishuke chini ya 350,000, ila hesabu imegoma

Mpasua Mbao wa Mafinga

Kamwene wadau. Niko Mafinga, nashika uhasibu kwenye kiwanda kidogo cha mbao, mishahara ya watu kama arobaini naiandaa mwenyewe kwenye Excel, sina programu ya maana.

Iko hivi. Fundi wetu wa msumeno mkubwa alikaimu usimamizi wa zamu, akawa anapata posho ya kukaimu 150,000 kwa mwezi. Msimamizi mwenyewe akarudi mwisho wa Mei, barua ya kusitisha posho ikaandikwa, ikasainiwa, ikalala kwenye droo ya mtu wa utumishi. Mimi sikuiona, Juni hadi Septemba nikaendelea kulipa. 150,000 mara nne, laki sita.

Tukakaa kikao, yeye, mimi na bosi. Fundi hakubisha, ila akasema ana watoto wawili shule na kodi ya nyumba, kwahiyo mkononi isibaki chini ya 350,000 hata mwezi mmoja. Bosi akasema sawa, tukaandikiana 75,000 kwa miezi minane.

Mshahara wake ni 600,000. NSSF 60,000, PAYE 24,000, SACCOS 96,000, anabaki na 420,000. Oktoba nimekata 75,000 kapata 345,000. Jana kaja na slipu kaiweka mezani, kidole juu ya ile 345, hasemi kitu, ananiangalia tu. Elfu tano hiyo nimeiona lakini nilishapost. Sasa nikate 70,000 kuanzia Novemba niongeze mwezi wa tisa, au kuna njia nyingine?

Kabwe Mjanja

Mkuu kwanza sheria. Hairuhusiwi kukata zaidi ya robo ya mshahara, robo ya laki sita ni 150,000, we umekata 75,000 uko salama kabisa. Hiyo 350,000 ni maneno ya kikao tu. Mwambie avumilie.

Mwl wa Tukuyu

Si robo ni theluthi, mtumishi lazima abaki na theluthi moja ya mshahara. Mimi nilikopa benki nikakopa na kwa wale jamaa wa mikopo ya haraka, mkato ukafika mahali mwezi mzima naishi kwa ndizi za shambani na mvua ya huku mnaijua. Nikaenda utumishi wakaniambia slipu yako haina nafasi tena ya kukopa. Kwahiyo huyo fundi aangalie theluthi yake.

Kabwe Mjanja

Mwalimu hiyo theluthi ni ya nyie watumishi wa serikali, tena kwenye mikopo. Huyu yuko kiwanda binafsi.

Shangazi wa Mishahara

Nipo Iringa mjini, nimeandaa mishahara ya mashamba na viwanda miaka mingi sasa, ngoja niingie hapo kabla hamjamkoroga kijana.

Kabwe robo umeisikia mahali sahihi ila umeiweka pasipo pake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inaongelea robo pale mfanyakazi anapolipa hasara au uharibifu alioufanya kwa kosa lake kazini, mfano kavunja mashine kwa uzembe. Huyu fundi hajaharibu chochote, kosa ni la ofisi. Kifungu hichohicho kinasema mwajiri haruhusiwi kumrudishisha mtu ujira wake, isipokuwa alilipwa zaidi kwa makosa ya kukokotoa. Na mkato wowote wa deni unataka makubaliano ya maandishi. Mimi robo huwa naitumia kama uzio hata kwenye kesi kama hizi, lakini uzio siyo kibali. Mkishaandika 350,000 na kusaini, basi 350,000 ndiyo mpaka wenu, huwezi kuuvuka kwa kusema robo haijafika.

Sasa mleta uzi, elfu tano ndiyo imekuleta lakini siyo tatizo lako kubwa. Hebu niambie, hiyo miezi minne ya posho fundi alipokea shilingi ngapi mkononi kwa mwezi, kabla ya SACCOS? Usikumbuke kichwani, fungua slipu ya Julai.

Mpasua Mbao wa Mafinga

Shangazi shikamoo. Nimefungua. Jumla 750,000, NSSF 75,000, PAYE 51,000, kabla ya SACCOS 624,000.

Shangazi wa Mishahara

Marahaba. Na bila posho angepata 516,000. Toa hapo.

Mpasua Mbao wa Mafinga

108,000.

Aisee.

Shangazi wa Mishahara

Eeh. Mara nne ni 432,000. Hiyo ndiyo hela iliyoingia mfukoni mwake isivyo halali. Ile 168,000 nyingine hajawahi kuiona, 108,000 uliipeleka TRA kama PAYE ya ziada na 60,000 uliipeleka NSSF kwa jina lake. We unamkata laki sita kutoka kwenye mshahara ambao umeshakatwa kodi, maana yake unamfanya alipe mara ya pili kodi ya hela ambayo anairudisha. Akienda Tume ya Usuluhishi na hiyo slipu ya Julai huna cha kujibu.

Hili kosa nimeliona mara nyingi mno na chanzo chake ni kilekile, mtu anaandika deni kwa kuangalia safu ya posho badala ya safu ya mwisho ya slipu. Njia ya kuligundua ni kufanya slipu mbili za mwezi mmoja, iliyokosewa na iliyonyooka, halafu unatoa mstari wa chini kwa mstari wa chini. Unafanya mwezi kwa mwezi maana kama kuna mwezi alikuwa na masaa ya ziada, PAYE yake inaweza kuwa imeingia daraja lingine na tofauti siyo 108,000 tena.

Dogo wa Uyole

Shangazi heshima yako ila hapo mnajitesa. Huku kwetu Mbeya tunatumia programu, tunaingiza posho hasi, yaani minus 75,000 juu kabisa kabla ya NSSF, programu yenyewe inapunguza NSSF na PAYE ya mwezi huo, baada ya miezi minane laki sita yote imerudi na kodi imejirekebisha yenyewe bila kwenda kubembeleza TRA. Simpo.

Shangazi wa Mishahara

Dogo hiyo njia naijua na mabosi wanaipenda. Lakini hebu tuipitishe kwa huyu fundi. 600,000 toa 75,000 ni 525,000. NSSF 52,500, inabaki 472,500 ya kukatwa kodi. Hiyo iko daraja la asilimia 8, kuanzia 270,000 mpaka 520,000, kwahiyo PAYE ni 16,200. Anabaki na 456,300 kabla ya SACCOS. Kawaida yake ni 516,000. Umemkata kiasi gani hapo?

Dogo wa Uyole

59,700

Shangazi wa Mishahara

Mara nane?

Dogo wa Uyole

477,600. Dah. Imezidi 432,000 kwa 45,600. Imetoka wapi sasa wakati laki sita ni ileile

Shangazi wa Mishahara

Imetoka kwenye madaraja. Posho ilivyokuwa inaingia ilikuwa juu ya mshahara, ikakatwa kodi kwa asilimia 20. Ukiirudisha kwa vipande, sehemu kubwa ya kipande inashukia chini ya 520,000 ambako nafuu ni asilimia 8 tu. PAYE yetu inahesabiwa mwezi kwa mwezi, Januari haijui kilichotokea Julai. Kwahiyo alitozwa 20 wakati wa kuingia na karudishiwa 8 wakati wa kutoka, na tofauti inamdondokea yeye. Mtu ambaye mshahara wake wa kawaida uko katikati ya daraja, hata ukiongeza posho au ukipunguza bado yuko ndani yake, njia yako haimdhuru. Huyu yuko pembeni kabisa ya daraja, 540,000 tu, elfu ishirini juu ya mstari.

Ndizi Mbivu

Kwani alipoona hela imezidi miezi minne kwanini hakusema?? Huyo ni mwizi tu akatwe yote mara moja, tena afukuzwe. Mnamlea.

Mpasua Mbao wa Mafinga

Ndizi barua ilikuwa kwenye droo ya ofisi, yeye hakupewa nakala. Alidhani bado anakaimu maana msimamizi aliporudi alikuwa bado mgonjwa, siku nyingine yeye ndo alikuwa anafungua zamu saa kumi na mbili asubuhi na baridi lile.

Kipemba wa Soweto

Hapo ndo mimi nasimama. Kama siku nyingine alikuwa anafungua zamu, basi hiyo siyo makosa ya kukokotoa, amefanya kazi. Kukokotoa ni ulitakiwa kuandika 15 ukaandika 150. Hapa uamuzi wa kusitisha haukumfikia, kazi akaendelea kuifanya. Ningekuwa yeye nisingesaini.

Shangazi wa Mishahara

Kipemba hoja yako ina uzito na sitaipuuza. Nimeona watu wanabishana pande zote mbili. Kama kuna kumbukumbu za siku alizosimamia zamu, zitolewe zilipwe kwanza, ndipo deni lihesabiwe. Mleta uzi unalo daftari la zamu?

Mpasua Mbao wa Mafinga

Lipo lakini msimamizi ndo anasaini hata siku ambazo hakuwepo. Hiyo nitaipeleka kwa bosi, sitaki kuahidi kitu hapa.

Tuseme deni linabaki 432,000. Nipangeje?

Shangazi wa Mishahara

Mkononi kwa kawaida 420,000, kima cha kubaki 350,000, nafasi uliyonayo ni 70,000. Usiijaze yote. Mwezi akikosa siku moja tu umeshagonga mpaka. Gawa 432,000 kwa minane ni 54,000, anabaki na 366,000, ana pumzi ya elfu kumi na sita. Miezi minane mliyokubaliana inabaki vilevile. Oktoba ulikata 75,000 ulitakiwa 54,000, mrudishie 21,000 wiki hii kwa vocha, usisubiri mshahara wa Novemba maana ukiichanganya humo slipu haitasomeka.

Mpasua Mbao wa Mafinga

Asante. Nimetengeneza fomula, E ni mkononi kabla ya kukata deni, F ni salio la deni, H ni upungufu wa mwezi uliopita ili kama hakukatwa kamili tufidie mwezi unaofuata:

```
=MIN(54000+H4, F5, E5-350000)
```

Nimejaribu mwezi wa kukosa siku nne bila malipo ikaniletea namba ina alama ya kutoa mbele, -4,031. Sielewi.

Dogo wa Uyole

Hapo hata mimi naona tatizo. Siku nne kati ya 26 za kazi mshahara unashuka hadi 507,692, ukitoa NSSF, PAYE na SACCOS mkononi inakuwa 345,969 kabla hujagusa deni. Toa 350,000 ni minus. Excel inakata minus, maana yake inamuongezea 4,031 halafu inapandisha deni lake kwa kiasi hichohicho. Unamkopesha bila kujua. Weka sifuri iwe kizuizi:

```
=MAX(0, MIN(54000, F5, E5-350000))
```

Mpasua Mbao wa Mafinga

Umeondoa H kwanini?

Shangazi wa Mishahara

Kamuondolea vizuri. Mmekubaliana kiasi kisichobadilika. Ukiweka upungufu wa mwezi uliopita juu ya mkato wa mwezi huu, mwezi unaofuata utamkata 70,000 yote na kumbandika ukutani kwenye 350,000 kamili, wakati yeye kapanga maisha kwa 366,000. Upungufu unaenda mkiani, mwisho wa ratiba, haupandi mgongoni mwa mwezi unaofuata. Na ile 350,000 siyo ahadi ya kumjazia. Akikosa siku akashuka 345,969 kwa sababu zake, humuongezi kitu, unaacha tu kumkata deni.

Tuitembeze. Oktoba 54,000, Novemba 54,000, salio 324,000. Desemba tuseme kaenda msibani kakosa siku tatu bila malipo. Mshahara 530,769, NSSF 53,077, PAYE 16,615, SACCOS 96,000, mkononi 365,077. Nafasi ni 15,077 basi unakata hiyo tu, salio 308,923. Januari hadi Mei 54,000 kila mwezi, mara tano ni 270,000. Salio 38,923, unalimaliza Juni na hapo fomula yenyewe inachukua salio badala ya 54,000. Miezi tisa badala ya minane. Kwenye slipu andika mstari wa deni wenye mkato wa mwezi na salio, vyote viwili, maana mfanyakazi asiyeona salio atakuja mezani kwako kila tarehe 30.

Kabwe Mjanja

Swali la kizushi. Huyo fundi akienda SACCOS kesho akachukua mkopo mwingine, mkato ukapanda kutoka 96,000 mpaka 170,000, mkononi inakuwa 346,000, fomula inasoma sifuri, deni halilipwi milele. Kajificha nyuma ya kima chenu.

Dogo wa Uyole

Hapo kakupata Shangazi 😂

Shangazi wa Mishahara

Kanipata kweli na hili ndilo huwa linasahaulika kwenye karatasi. Lazima muandike 350,000 inapimwa baada ya makato gani. Mimi huwa naandika baada ya makato ya kisheria na makato ya hiari yaliyokuwepo siku ya kusaini, kwa kiasi chake cha siku hiyo. Mkopo mpya wa hiari hauhesabiwi. Kwahiyo E kwenye fomula haichukui SACCOS ya mwezi huo, inachukua 96,000 ya tarehe ya makubaliano, au pungufu kama mkopo umeisha.

Mwl wa Tukuyu

Lakini Shangazi, hapo akichukua huo mkopo kwa sababu mtoto kalazwa, mkono wake unashuka kweli, karatasi inasema 366,000 yeye ana 292,000. Hiyo siyo kima tena ni mapambo.

Shangazi wa Mishahara

Ndiyo mwalimu. Ndiyo maana naweka na mstari kwamba kwa ugonjwa au msiba anaweza kuomba mwezi mmoja usikatwe, mara mbili kwa ratiba nzima. Kuna ofisi zinakataa. Sijapata maneno yanayowaridhisha wote.

Kipemba wa Soweto

Na akiacha kazi katikati?

Shangazi wa Mishahara

Kama karatasi iko kimya patachimbika. Mwajiri atataka salio lote kwenye malipo ya mwisho, mfanyakazi atasema kima kinamlinda mpaka shilingi ya mwisho. Andikeni mapema. Binafsi naona kima ni cha mshahara wa mwezi, malipo ya likizo yasiyotumika ni kitu kingine, lakini najua afisa wa chama cha wafanyakazi mmoja ambaye hataki hata kulisikia hilo.

Mpasua Mbao wa Mafinga

Mrejesho wadau. Nimemrudishia 21,000 leo, kasaini vocha, akahesabu noti mara mbili. Nilipomuonesha kwamba deni ni 432,000 siyo laki sita alikaa kimya kidogo akauliza, "kwahiyo ningenyamaza ningelipa?" Sikuwa na jibu nikamwambia ndiyo.

Karatasi mpya tunaandika Jumatatu. Bosi kakubali kupima kwa SACCOS ya 96,000, mwezi wa dharura kakubali mmoja siyo miwili. Kwenye 168,000 ndo kanuna, anasema kwanini kampuni ihangaike kurekebisha ritani za PAYE za miezi minne na kuandikia NSSF wakati fundi ndo alikula. Nimemwambia hakula hiyo, ipo TRA na NSSF. Kaniambia basi kaifuate wewe.

Dogo wa Uyole

Na usisahau NSSF upande wa mwajiri nayo mlilipa ya ziada 15,000 kila mwezi. Hiyo ni 60,000 nyingine ya kampuni yenyewe, mwambie hiyo ataamka.

Mpasua Mbao wa Mafinga

😂 Nitamwambia Jumatatu. Daftari la zamu nimelipiga picha kurasa zote za Juni mpaka Septemba, kuna siku kumi na moja mwandiko siyo wa msimamizi.

Kipemba wa Soweto

Nilisema mimi.